Pini ya Kolo iliyoangukia Hanang: jinsi tulivyotengeneza ramani ya safari ya walimu kutoka Dodoma

Tulikuwa walimu 26 wa historia na jiografia, dereva mmoja, Koasta moja na siku mbili. Tungetoka Dodoma mjini alfajiri, tupite Mayamaya na Chemba, tufike Kondoa, tupande hadi Kolo kuona michoro ya miambani, turudi kulala Kondoa, na kesho yake turejee. Kamati ya safari ilinipa kazi ya kuandaa ramani ambayo dereva, mweka hazina na kila mwalimu angeifungua kwenye simu yake akajua tuko wapi, tunaelekea wapi na nani ameshalipwa. Nilitumia Google My Maps, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote, na kila mwenye akaunti ya Gmail anayo tayari.

Naeleza kazi nzima hapa, pamoja na kosa lililokaribia kutupeleka mkoa mwingine. Kosa hilo ni rahisi kulifanya na gumu kuliona, na wengi wanaochora ramani za aina hii wanalo ndani ya ramani zao bila kujua.

Nianze na matabaka, yaani makundi ambayo pini hupangwa ndani yake, maana hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Ramani moja ya My Maps inakubali matabaka 10. Nilipoiona nafasi hiyo nikagawa kama mtu anayepanga kabati: tabaka la chakula, la malazi, la mafuta, la vivutio, la hospitali. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Nikampelekea dereva, mwenyeji wa Kondoa aliyeanza kuendesha magari ya abiria nikiwa bado shule ya msingi. Akaifungua kwenye simu, akaitazama kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa kesho asubuhi nasimama wapi kwanza?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ramani ilikuwa imejaa pini za siku zote mbili, na ili aone za siku ya kwanza peke yake ilibidi afungue tabaka baada ya tabaka na bado asingefanikiwa, kwa kuwa tabaka la chakula lilikuwa na chakula cha Jumamosi na cha Jumapili pamoja. Tabaka ndilo jambo pekee ambalo mtazamaji anaweza kuliwasha na kulizima kwa kubonyeza mara moja. Kwa hiyo ukigawa matabaka, fuata kile ambacho mtu atataka kukiona kikiwa peke yake akiwa barabarani. Kwa safari ya gari hicho ni siku, si aina ya kitu.

Nikayavunja yote nikabaki na manne: Siku ya kwanza, Siku ya pili, Dharura, na Njia. Dharura ndiyo inayobaki imewashwa wakati wote. Humo mna vituo vya mafuta, hospitali, na sehemu chache ambazo gari kubwa linaweza kugeuza. Matabaka sita yaliyobaki sikuyagusa, na hakuna aliyeyahitaji.

Baada ya matabaka zikaja rangi. Ndani ya kila tabaka kuna sehemu ya mitindo, na humo kuna chaguo nililolipenda kuliko yote, `Style by data column`. Maana yake ni kwamba hupaki rangi pini mojamoja kwa mkono. Unaiambia ramani isome safu fulani ya jedwali, na kila thamani iliyomo ipate rangi yake. Nikaweka safu inayoitwa Hali yenye maneno matatu tu: Imethibitishwa, Inasubiri, Imeshindikana. Mgahawa wa Chemba ulipokubali kutupikia watu 27, nilibadili neno moja kwenye jedwali la ndani ya tabaka na pini ikageuka rangi yenyewe. Kamati ilikuwa ikitazama rangi za Inasubiri tu kila jioni na kugawana simu za kupiga.

Nilianza na kijani, njano na nyekundu kama taa za barabarani. Mwalimu mwenzetu mmoja akaniambia faraghani kwamba yeye kijani na nyekundu huziona karibu sawa, tangu utoto. Nikabadili: bluu kwa kilichothibitishwa, chungwa kwa kinachosubiri, nyeusi kwa kilichoshindikana. Kazi ya dakika mbili, na kwa yule ndugu ilikuwa tofauti ya kuisoma ramani na kutoisoma.

Mtindo huu unasoma safu moja tu kwa wakati. Huwezi kuiambia rangi ifuate Hali na umbo la aikoni lifuate aina ya mahali. Lazima uchague, na mimi nilichagua Hali. Aina ya mahali nikaiweka kama neno la kwanza la jina la pini: "Mafuta – ...", "Chakula – ...", "Kulala – ...". Uamuzi huo ulikuja kunisaidia baadaye kwa njia ambayo sikuitegemea, nitaeleza.

Jihadhari pia na tahajia. Mweka hazina alipoingiza taarifa zake aliandika Imethibitika badala ya Imethibitishwa, na ramani ikaunda kundi la nne lenye rangi yake. Ukiona orodha ya rangi pembeni ina majina mengi kuliko uliyoyapanga, kuna mtu ameandika kwa namna yake.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Pini zote zilitoka kwenye jedwali moja la safu mlalo 34. Sikuziweka kwa kubofya ramani, kwa sababu watu watatu walikuwa wakikusanya taarifa na jedwali ndilo lililotuunganisha. Sura yake ilikuwa hivi:

```
Jina,Latitudo,Longitudo,Siku,Hali,Maelezo
Kuondoka - Dodoma mjini,-6.173,35.742,1,Imethibitishwa,Saa 12 alfajiri
Kulala - Kondoa mjini,-4.900,35.783,1,Inasubiri,Vyumba 14
Michoro - Kolo,-4.4328,35.5002,1,Inasubiri,Saa 6 mchana
```

Ukibonyeza `Import` chini ya jina la tabaka na kupandisha faili, ramani inauliza maswali mawili. La kwanza, safu ipi ina mahali. La pili, safu ipi itumike kuwa jina la pini. Nilichagua Latitudo na Longitudo, kisha Jina. Ungeweza pia kuipa safu ya majina ya mahali ikatafuta yenyewe, ila kwetu Tanzania sishauri. Majengo ipo Dodoma, ipo Moshi, na ukivuka mpaka ipo Mombasa na Nairobi. Namba hazina majina yanayofanana.

Lakini namba nazo hukosewa. Itazame tena safu mlalo ya Kolo hapo juu. Pini zikajitokeza zote, hakuna safu mlalo iliyokataliwa, hakuna onyo. Kolo ikakaa kaskazini ya Kondoa, kama inavyopaswa. Nikaridhika.

Kilichonishtua ni mstari. Kwenye tabaka la Njia nilichora kwa kifaa cha mstari, nikachagua `Add driving route`, ambacho hufuata barabara yenyewe. Kifaa hiki ni tofauti na kitufe cha `Add directions`. Kile cha pili kinaunda tabaka jipya kwa kila safari na kinakubali vituo 10 tu, kwa hiyo safari ndefu inakula matabaka yako upesi. Mstari wa kuchora unakaa ndani ya tabaka lililopo. Nikabofya Dodoma, nikabofya Kondoa, ukakaa vizuri juu ya lami. Nikabofya pini ya Kolo. Mstari ukapanda kaskazini, ukapita pale nilipodhani ni Kolo, ukaendelea hadi Babati, ukakata kushoto kuelekea Katesh.

Nikadhani barabara ya Kolo haipo kwenye data ya ramani. Nikampigia dereva. Akaniomba nimtumie picha ya skrini, kisha akanipigia.

"Mwalimu, Kolo ni hapo tu, ukitoka Kondoa hata nusu saa haiishi. Hapa umenipeleka Hanang."

Nikaikuza ramani. Kweli, pini yetu ya michoro ilikuwa mashariki ya Mlima Hanang, kama kilomita 11 kutoka kileleni, ndani ya Mkoa wa Manyara. Kutoka mahali ilipopaswa kuwa ni takriban kilomita 49.

Sababu ilikuwa kwenye hati ambayo mwenzetu alinakili. Kumbukumbu ya urithi wa dunia inaandika mahali pa michoro ya Kondoa kwa digrii, dakika na sekunde: S4 43 28, E35 50 2. Yeye akaona namba tatu, akaweka nukta baada ya ya kwanza na kuziunganisha zilizobaki, ile 2 akiiandika 02: 4.4328 na 35.5002. Inaonekana ni sahihi kabisa. Lakini dakika za digrii zinahesabiwa kwa sitini, kama dakika za saa. Saa moja na dakika 30 si saa 1.30 kwenye hesabu, ni saa 1.5. Vivyo hivyo dakika 43 na sekunde 28 si sehemu 0.4328 ya digrii. Chukua sekunde 28 ugawe kwa 60, upate 0.467. Ongeza kwenye 43, gawa tena kwa 60, upate 0.7244. Latitudo ya kweli ni -4.7244, na longitudo kwa njia ileile ni 35.8339. Kwenye jedwali, ikiwa digrii ziko A2, dakika B2 na sekunde C2, fomula ni hii:

```
=-(A2+B2/60+C2/3600)
```

Alama ya kutoa mwanzoni ni kwa sababu Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta. Kwa longitudo unaiondoa, maana tuko mashariki.

Ni vizuri kulilinganisha kosa hili na makosa mengine mawili ya namba. Ukisahau alama ya kutoa kwenye -6.173, Dodoma inahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukizibadilisha nafasi, latitudo ikakaa mahali pa longitudo, Dodoma inatua baharini, kwenye Atlantiki karibu na Tangier, Moroko. Yote mawili unayagundua papo hapo kwa sababu ramani inajikunja ili kuonyesha nusu ya Afrika. Kosa la dakika halifanyi hivyo. Linakuacha ndani ya nchi, upande uleule, kwenye digrii ileile, na kwa upeo wa kilomita chache au makumi ya kilomita. Macho hayashtuki.

Kuna dalili moja niliyojifunza kuitafuta. Dakika haziwezi kuvuka 59. Kwa hiyo mtu akiziandika kama desimali, tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta hazitafika 60 hata siku moja. Shuka na safu yako: namba zilizoandikwa sawasawa zitakuwa na 17, 74, 90, 78, zimetawanyika hadi 99. Ukikuta kundi la namba kutoka chanzo kimoja ambazo zote zinaishia chini ya 60, rudi kwenye chanzo. Katika jedwali letu safu mlalo nne zilitoka kwenye hati za aina ile, na zote nne zilikuwa zimekosewa.

Kipimo cha pili ni kile mstari ulichonifanyia bila kukusudia. Chora njia kati ya kila pini na inayofuata, kisha soma umbali. Dereva au mwenyeji atakwambia mara moja kama kilomita hizo zipo.

Nikasahihisha jedwali na kuingiza upya kwa `Reimport and merge`, nikachagua `Replace all items`. Hapo nikapoteza kitu kingine. Nilikuwa nimetumia karibu saa nzima kuandika maelezo moja kwa moja ndani ya pini kwenye ramani: bei, saa za kufungua, wapi pa kuegesha. Kubadilisha vyote ni kubadilisha vyote. Maelezo yale yakaondoka pamoja na pini za zamani. Ramani haikuunganishwa na jedwali kama bomba. Ukibadili jedwali ramani haibadiliki mpaka uingize tena, na ukibadili ramani jedwali halijui. Tangu hapo kila neno nikaliandika kwenye safu ya Maelezo, na ramani nikaiachia kazi ya kuonyesha tu. Mabadiliko madogo ya Hali, kama neno moja la mgahawa, niliyafanya kwenye jedwali la ndani ya tabaka kwa `Open data table` na kuyaandika pia kwenye lile la nje usiku uleule.

Bado pini ya Kolo haikuwa imekwisha. Namba ile iliyosahihishwa inawakilisha eneo zima lililoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006, na eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336. Nukta moja katikati ya eneo kama hilo haiwezi kuwa geti wala maegesho, hata iwe na desimali ngapi. Dereva akiifuata atajikuta kwenye kichaka. Mgeni wa michoro anaanzia ofisi iliyopo Kolo kijijini, analipa, anapewa mwongozaji, ndipo anaelekea Mungomi wa Kolo, panapotembelewa zaidi. Njia ya kwenda huko inaacha lami, ni mbaya kwa Koasta, na mwisho wake unapanda kilima kwa miguu.

Kwa hiyo nikaifuta ile nukta nikaweka mbili, safari hii kwa kubofya juu ya picha ya setilaiti huku dereva akinielekeza kwa simu. Ya kwanza: "Ofisi – Kolo, kibali na mwongozaji". Ya pili: "Michoro – Mungomi wa Kolo". Namba zake nikazinakili kwenye jedwali. Na maelezo nikayaandika kwa mpangilio wa vitendo, si wa sifa: "Anzia ofisini. Koasta inabaki kijijini. Gari la juu limekodishwa, linabeba kwa awamu. Chukua maji hapa, juu hayapo." Nimeona ramani nyingi ambazo maelezo yake ni historia ya mahali. Historia tuliisimuliana ndani ya gari. Aliyesimama kwenye jua akifungua pini anataka kujua afanye nini sasa.

Kuhusu kushirikisha, nilikumbana na kizuizi ambacho sikukijua. Kiungo unachokitoa ni cha ramani nzima. Hakuna namna ya kumpa mtu tabaka moja ukamficha jingine. Nami nilikuwa nimeweka namba za simu za wenye nyumba za kulala, malipo ya awali, na jina la mwalimu mwenye presha anayehitaji kukaa karibu na hospitali. Kiungo kikishaingia kundi la WhatsApp la watu 26, hujui kitaishia wapi. Nikatengeneza ramani ya pili ya kamati yenye hayo, ya watu wanne tu, na ile ya wote nikaiweka kwenye kutazama bila kuhariri. Jambo la mwenzetu mwenye presha nikalitoa kwenye ramani zote mbili. Lilikuwa la kuambizana, halikuwa la kuandikwa.

Mwisho ni mtandao. Ramani ya My Maps inahitaji data ili pini zionekane. Unaweza kupakua ramani ya kawaida ya Dodoma kwenye simu, lakini pini zako hazishuki nayo. Kwa hiyo dereva na mimi tulihitaji nakala isiyotegemea mtandao. Kwenye menyu ya ramani nilichagua `Export to KML/KMZ`, ramani nzima, nikampelekea dereva faili, akaifungua kwa programu ya ramani ya Organic Maps baada ya kupakua Tanzania humo. Tukaweka simu katika hali ya ndege ili kujaribu. Haikutokea pini hata moja.

Wakati wa kutoa faili kuna kisanduku kimeandikwa `Keep data up to date with network link KML`. Nilikitia alama nikidhani ni jambo zuri, maana nani hataki ramani inayojisasisha? Lakini faili ya namna hiyo haina pini ndani. Ina anwani tu ya kuzifuata mtandaoni. Nikatoa tena bila alama ile, na pini zikaonekana zikiwa na maelezo yake. Aikoni za kitanda na sahani nilizozichagua hazikufika upande wa pili, zikawa vidoti. Hapo ndipo neno la kwanza la jina liliponiokoa: kidoti kilichoandikwa "Mafuta –" kinajieleza.

Faili hiyo ni picha ya saa ile uliyoitoa. Ijumaa jioni nyumba moja ya kulala Kondoa ilituambia vyumba vimejaa, tukapata nyingine, nikabadili ramani na kutoa faili mpya. Kwa bahati nilikuwa nimeanza kuandika siku na saa kwenye jina la faili. Jumamosi saa 10 jioni, tukishuka kutoka Kolo, dereva alisoma jina la faili yake kwa sauti: ijumaa-saa-9. Ya kwangu ilikuwa ijumaa-saa-2-usiku. Akaegesha pembeni, nikamrushia kwa bluetuthi, akaifungua, akasoma "Kulala –" mpya, akawasha gari.